Maji ya Povu na Mlimau wa Mama



Uani kwetu pana mlimau uliopandwa na marehemu mama yetu. Kaskazi iliyopita, maji ya bomba yalipokuwa yakija siku moja tu kwa juma, tuliona ni israfu kuyamwaga maji ya kufulia. Kwa upande wa fiqhi hatukuwa na shaka, kwani maji yaliyotumika kuosha kitu kilicho tohara, yakinyweshewa mti, hayana ubaya. Basi kila siku ya kufua, beseni zote tatu, kiasi cha lita 60, zikamiminwa shinani pa mlimau.

Baada ya miezi miwili kingo za majani zilianza kukauka na kuwa kahawia, kana kwamba zimepitishwa motoni. Kisha majani yakapukutika. Tukadhani mti una kiu, tukauzidishia maji yale yale. Udongo nao, ambao kwetu ni mwekundu wenye mfinyanzi, ukafanya gamba gumu, maji yakawa yasimama juu yake badala ya kuzama. Bibi jirani alipouona alitwambia, "Shekhe, mwanangu, mti huu mwaulisha magadi."

Alisema kweli. Sabuni nyingi za unga hutiwa magadi na chumvi nyinginezo za sodiamu ili kuyalainisha maji na kuongeza nguvu ya kutoa uchafu. Sodiamu ikizidi ardhini hufanya madhara mawili. Kwanza, hunyonywa na mizizi hadi majanini, na kwa kuwa maji hutoka majanini na chumvi ikabaki, kingo huungua. Pili, huzitenganisha chembe za mfinyanzi zilizoshikamana, nazo zikaziba vijia vya maji na hewa. Mti hufa kiu hali umesimama majini. Walio na maji ya kisima cha chumvi wajihadhari zaidi, kwa kuwa chumvi ya sabuni huongezeka juu ya iliyokuwapo.

Tulihakikisha kwa jaribio jepesi. Tulichukua donge kavu la udongo wa shinani, tukaliweka taratibu katika gilasi ya maji ya mvua bila kulikoroga. Baada ya saa chache donge lilizungukwa na ukungu kama maziwa. Donge la pembe nyingine ya ua lilimomonyoka tu, na maji yake yakabaki maangavu. Ukungu ule ndio alama ya mfinyanzi ulioharibiwa na sodiamu.

Tukaacha kuumwagia mlimau maji ya kufulia. Masika ilipoingia tuliyaelekeza maji ya paa shinani, yaioshe chumvi na kuishusha chini ya mizizi. Matawi mawili yalikufa, tukayakata, yaliyobaki yamechipua. Udongo ulioharibika sana huhitaji jasi kabla ya kuoshwa, kwani kalsiamu iliyomo huiondoa sodiamu penye mfinyanzi.

Sasa hatumwagi ovyo. Beseni ya kwanza, yenye povu zito, huenda shimo la maji machafu. Beseni mbili za suuza, ambazo zina sabuni kidogo, huenda kwenye mnazi, mti ustahimilio chumvi kuliko mlimau. Maji ya kuogea kwa sabuni ya kipande huenda kwa mgomba, kwa kuwa hayana magadi ya kufulia. Nasi huugeuzia mahali siku hadi siku yasirundikane pamoja. Mlimau na asumini hupata maji matamu tu. Asumini hasa huchukia maji ya sabuni: majani huwa manjano na mishipa ikabaki kijani, kwa sababu ukali wa sabuni huzuia mizizi isipate chuma kilichomo ardhini.

Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hayaendi bustanini kabisa. Na sabuni yenye boraksi, japo ni kidogo, huudhuru mlimau na jamii yake upesi kuliko miti mingi.

Maji ya kufulia nepi za watoto hatuyatii hata penye mnazi, bali chooni, kwa kuwa ni najisi na hubeba maradhi. Mchicha na kila kiliwacho kibichi hatukinyweshei maji yoyote yaliyotumika. Yale ya miti hupita katika mfereji mfupi uliofunikwa kwa makumbi, yasiguse majani wala mikono ya watoto. Wala hatuyalazi, yakipita siku moja hunuka na kualika mbu.

Anayeanza leo na aliweke donge lake katika gilasi kwanza, kisha alirudie kila baada ya miezi mitatu. Sisi tungalifanya hivyo, matawi yale mawili ya mama yangalikuwapo.

Wabillahi tawfiq.