Vidonge vya Manjano

Mama yetu mzazi ana umri wa miaka 78. Mwezi wa Rajabu alishikwa na mafua na mwasho wa ngozi, nasi tukamnunulia piritoni, vile vidonge vidogo vya manjano ambavyo ni nadra kuvikosa nyumbani. Tukampa kimoja asubuhi, mchana na usiku, na dawa ya mafua ya chupa juu yake. Alilala fofofo, tukashukuru.

Siku ya tatu alilalamika kinywa kukauka, na choo kikawa kigumu. Siku ya tano alimwita mjukuu wake kwa jina la dada yake marehemu, akauliza kama Magharibi imeadhiniwa ilhali jua la adhuhuri liko utosini. Tukasema ni uzee. Neno jepesi hilo, hufunga maswali yote. Usiku wa sita aliamka kwenda msalani, akayumba, akaanguka mlangoni. Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa.

Daktari alimpima mkojo na sukari, kwani maradhi nayo huwachanganya wazee ghafla. Kisha akasema, "Sheikh, nileteeni dawa zote za Bi Mkubwa." Tukamwaga mfuko mezani. Pamoja na zile mbili ilikuwamo amitriptilini ya miligramu 25, aliyoandikiwa zamani kwa sababu ya miguu kuwaka moto kutokana na kisukari.

Alituonyesha maandishi ya chupa: ndani yake mlikuwa na klorofeniramini, nayo ndiyo hiyo hiyo piritoni. Kumbe tulimpa dawa moja mara mbili, na amitriptilini ina tabia kama yake. Zote huzuia kemikali ya mwili iitwayo asetilkolini, ambayo hutoa mate, husukuma choo, husaidia kibofu kujikamua, na katika ubongo hubeba kumbukumbu. Basi kinywa kilichokauka kilikuwa kinatuambia yanayotendeka kichwani, nasi hatukusikia. Kijana husinzia tu, tena hupata nafuu upesi. Mzee dawa humkalia mwilini kwa muda mrefu, na akiba ya kemikali ile ubongoni mwake imekwisha kupungua.

Piritoni na chupa zilisimamishwa siku ile ile. Amitriptilini alitukataza kuikata ghafla, maana huleta kichefuchefu na kukosa usingizi. Ikapunguzwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, huku akiyaangalia maumivu ya miguu. Mwasho ulitokana na ngozi kavu: akaagiza mafuta ya kupaka baada ya kuoga, na loratadini, isiyofika sana ubongoni, iwapo utazidi.

Siku ya nne Mama alimwita mjukuu kwa jina lake, kisha akatuuliza ni nani aliyehamisha mswala wake. Ni sisi, tulipokuwa tunaisafisha njia ya msalani.