Patroni Mpya, Miaka Ileile

Kuna swali ambalo limenifikia mara nyingi mwaka huu, hapa Bunia na katika kambi za wahami: kampuni ikiuzwa, miaka ya mfanyakazi inakwenda wapi?

Mama mmoja aliniletea swali hilo vizuri kuliko wengine. Alifanya kazi miaka 9 katika kiwanda kidogo cha mikate. Mwenye kiwanda alikiuzia mfanyabiashara mwingine. Tanuri ni zilezile, wateja walewale, na saa ya kuwasha moto ileile. Lakini patroni mpya aliwakusanya wafanyakazi akawaambia: "Mimi sikuwaajiri. Tunaanza upya." Akawapa mkataba mpya wenye tarehe ya siku ile, na miezi ya majaribio juu yake. Mama aliniuliza: "Ndugu, mtu wa miaka 9 anajaribiwa nini tena?"

Jibu liko katika Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema kwamba mwajiri akibadilika kwa sababu ya mauzo, urithi au kampuni kuungana, mikataba yote iliyokuwa hai siku ile inaendelea na mwajiri mpya. Anayenunua kiwanda kinachoendelea kufanya kazi amewapokea na wafanyakazi wake, pamoja na miaka yao.

Miaka hiyo si heshima tu. Inahesabika. Patroni akitaka kumwondoa mtu mwenye mkataba usio na mwisho, lazima ampe preavi: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili aliofanya. Kwa mama yetu, mara 7 kwa 9 ni 63. Ongeza 14, tunapata siku 77 za kazi. Kwa wiki ya siku 6, hiyo ni karibu wiki 13 za mshahara. Sasa tuseme amesaini kwamba ameanza upya, na mwaka mmoja baadaye anafukuzwa. Patroni atamhesabia 14 na 7, siku 21 tu. Likizo nayo ni hivyo hivyo: inaongezeka siku moja kwa kila miaka 5, na sheria inahesabu pia miaka iliyofanywa kabla mwajiri hajabadilika.

Kuna mipaka. Patroni mpya anaweza kumwachisha mtu kazi, ila awe na sababu ya kweli na atoe preavi ya miaka yote. Kuuzwa kwa kiwanda peke yake si sababu hiyo. Tena, kama mwenye kiwanda aliuza tanuri tu na kufunga kazi, hakuna mkataba wa kuhamia kwa mnunuzi. Hapo anayedaiwa preavi na hesabu ya mwisho ni patroni wa zamani.

Mtego mkubwa uko kwenye karatasi. Wengine wanaombwa wasaini barua ya kuacha kazi kwa hiari, "ili tukuandike upya kesho". Barua hiyo ndiyo inayokata miaka. Usiisaini. Kama umeletewa mkataba mpya, omba iandikwe ndani yake tarehe yako ya kwanza ya kuajiriwa, na usikubali majaribio ya pili kwa kazi ileile.

Mama yule alikuwa na shida nyingine: karatasi zake ziliungua alipokimbia kutoka Djugu. Wahami wengi wanafikiri hapo kesi imekwisha. Haijaisha. Sheria inasema kwamba pasipo maandishi, mfanyakazi anaweza kuonyesha mkataba wake kwa ushahidi wa kila namna. Tulikaa tukahesabu alichobakiwa nacho: namba yake ya CNSS, ujumbe wa mshahara kwenye simu, picha akiwa amevaa nguo ya kazi, na wenzake wawili walioanza naye. Kwa kuanza, hivyo vinatosha.

Baada ya hapo mwandikie patroni barua fupi kumkumbusha tarehe ya kuajiriwa, na ubaki na nakala. Akikataa, peleka jambo kwa Mkaguzi wa Kazi. Ni lazima kupita kwake kwanza ili ajaribu kuwapatanisha, kabla ya mahakama. Mkishindwa kupatana, anaandika hati, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mtu aliyefukuzwa bila sababu ya kweli anaweza kulipwa fidia, mpaka kikomo cha mishahara ya miezi 36. Lakini usikawie, maana madai ya mshahara yana muda, na ukipita yanakufa.

Mama alirudisha mkataba bila kuusaini, na barua yake imepokelewa kwa muhuri. Bado anakanda unga kila alfajiri, na tarehe anayoidai ni ile ya miaka 9 iliyopita.