Picha ya chupa saa nne usiku

Saa nne usiku dada yangu alinitumia picha kwa WhatsApp: chupa ya maji ya nusu lita, lebo imebanduliwa, ndani kimiminika cha kahawia. Chini yake aliandika, "Mdogo wangu, wewe unaandika mambo ya afya. Hii ni dawa gani? Nimeinunua sokoni, ya kikohozi cha mtoto."

Mtoto wake ana miezi minane.

Niliikuza ile picha. Niliona mabaki ya gundi pale lebo ilipokuwa, kwa hiyo chupa ilishatumika. Mfuniko haukuwa na ile pete inayokatika unapofungua mara ya kwanza. Chini kulikuwa na machicha, juu povu dogo. Nikamwomba aiguse. Akasema imevimba, na alipoifungua ilipumua kama soda. Basi ilikuwa imeanza kuchacha.

Hapo ndipo picha ilipoishia. Maji ya mizizi, ya magome na ya majani makavu yakichemshwa yote huwa ya kahawia. Kidonge cha hospitali kilichosagwa na kukorogwa humo hakionekani, na tatizo hilo lipo. Dawa za asili zimewahi kupimwa maabara zikakutwa na dawa za viwandani ndani yake. Bakteria nao hawaonekani. Hata unga wa kijani kwenye kifuko, kwa macho tu, unaweza kuwa mlonge au mwarobaini.

Nikaacha picha, nikauliza maswali. Muuzaji alisemaje? Umempa kiasi gani, lini? Akajibu ameshampa kijiko kimoja cha chai jioni. Halafu, kama jambo dogo tu, akaongeza: "Akasema haina madhara, ni majani na asali."

Asali ndiyo iliyonishtua. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata tone, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia. Zikiota humo hutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha jikoni hakuziui.

Nilimwambia aache kumpa, asimtapishe, na asiimwage chupa. Asubuhi waende nayo kituo cha afya, maana hiyo inaweza kupimwa, picha haiwezi. Na kama usiku huo angepumua kwa shida au kushindwa kuamka, wasisubiri kuche.

Daktari alimsikiliza kifua, akasema ni mafua ya kawaida. Kuhusu asali alimpa dada dalili za kuangalia kwa wiki kadhaa: kukosa choo, kilio kuwa dhaifu, kunyonya kwa kulegea, kope kushuka, shingo kukosa nguvu.

Kila asubuhi dada alinitumia video ya mtoto akinyonya. Hizo nilizitazama zote mpaka mwisho.