Unyayo wa mzee kwenye karatasi

Mzee wetu anaishi Pemba, nasi tunaishi Unguja. Miguu yake imepanuka kwa umri, na kifundo cha kidole gumba cha mguu wa kulia kimetokeza kwa nje, hata ndara za dukani zinamuumiza. Tulipomshonea makubadhi kwa fundi, tulimtia katika tabu zaidi: kidole kidogo kilining'inia nje ya soli, akajikwaa alfajiri akielekea msikitini. Tangu siku hiyo akawa anasali Alfajiri nyumbani.

Tulirudi kwa fundi na malalamiko. Akaifungua karatasi tuliyompelekea, akauliza, "Maalim, mzee alikuwa amesimama au amekaa?" Alikuwa amekaa kitandani, karatasi iko juu ya mkeka, nasi tulishika kalamu kwa kuilaza kama mtu anayeandika. Fundi alikuwa ameshona kama tulivyochora. Kosa lilikuwa letu.

Safari iliyofuata tulikwenda Pemba na maelekezo yake. Tulingoja baada ya Alasiri, kwa kuwa mguu uliotembea kutwa huwa umevimba kidogo, na kiatu kilichopimwa asubuhi huja kubana jioni. Tuliweka karatasi ngumu juu ya sakafu ya saruji. Mzee akasimama peku, uzito wake umegawanyika sawa juu ya miguu miwili, huku akishika kiti. Anayepimwa hawezi kujichora mwenyewe, kwani akiinama tu, uzito unahama na unyayo unabadilika.

Penseli tuliisimamisha wima, ubavu wake ukigusa ngozi, tukaanzia kisiginoni tukazunguka mguu mzima. Ikilala kuelekea ndani, ncha huingia chini ya mguu na mchoro ukawa mwembamba. Ikilala nje, mchoro unanenepa. Tulichora mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sababu miguu ya mtu mmoja haifanani.

Mchoro mtupu, hata hivyo, haumtoshi fundi. Mzee akiwa bado amesimama, tuliteremsha penseli baina ya kidole gumba na cha pili hadi kwenye panda ya vidole, tukatia nukta. Hapo ndipo fundi anapokisia tundu la ukanda. Tundu likirudi nyuma mno, ukanda huusukuma mguu na kisigino kikatoka nje ya soli. Likienda mbele mno, mguu huteleza na vidole vikatangulia soli. Kisha tulitia alama pande mbili mahali mguu unapokuwa mpana kuliko kwengine: kwenye kifundo cha kidole gumba na kwenye kifundo cha kidole kidogo. Tuliuzungusha utepe wa kupimia juu ya mguu kwa kupitia alama hizo, tukaandika kipimo pembeni, maana karatasi huonyesha upana wa unyayo tu, haionyeshi unene wa mguu, na ukanda hukatwa kwa kufuata unene huo. Pale kifundo kilipotokeza tuliweka msalaba, ili mshono usipite hapo.

Mwisho tuliandika "kulia" na "kushoto", tarehe, na maneno haya: "Huu ni mguu wenyewe, hatukuongeza kitu." Neno hilo ni muhimu. Wengi huongeza nafasi kidogo kwa huruma, kisha fundi naye huongeza ya kwake, na kiatu kikaja kupwaya.

Tulipolinganisha michoro miwili ya mguu wa kulia, ule wa kukaa ulikuwa na urefu wa sentimita 25 na upana wa 9.4; wa kusimama ulikuwa 25.6 kwa 10.1. Milimita 7 za upana ndizo zilizokuwa zimekiacha kidole nje.

Karatasi yenyewe tuliivingirisha bila kuikunja, tukarudi nayo melini. Asiyeweza kuifikisha karatasi akalazimika kutuma picha kwa simu, achore kwanza kando ya unyayo mstari wa sentimita 10 kamili na apige picha kutoka juu moja kwa moja. Fundi akiichapa, aupime mstari ule kwa rula. Usipotimia 10, asikate ngozi.

Jambo moja fundi alilitahadharisha: mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asishonewe kiatu cha ukanda wa vidoleni kwa mchoro tu, kwani ukanda ukimchubua hatahisi. Huyo aonwe na daktari kwanza.

Makubadhi mapya yalipofika, mzee alitanguliza mguu wa kulia, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Tulimchungulia kisigino, kisha kidole kidogo. Vyote vilikuwa ndani ya soli. Hakusema neno. Alfajiri tulipoamka, makubadhi hayakuwapo mlangoni.