Utulivu wa Chai na Siri ya Jani la Kericho

Sisi wa pwani tuna vinywaji viwili tunavyovijua tabia zake. Kahawa chungu ya kikombe kidogo huamsha mara moja, na aliyezidisha huona mkono ukitetemeka na moyo ukienda mbio. Chai nayo huamsha, lakini kwa upole. Siku hizi upole huo unatajwa kuwa kazi ya kitu kiitwacho theanini, na wapo wanaouziwa vidonge vyake. Tumeona vyema tuufuate mjadala huu tangu shambani hadi kikombeni.

Chai nyingi tunayoipika inatoka nyanda za juu za Kericho na Bomet, penye urefu wa takriban mita 2,000 juu ya bahari. Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na humo ndimo zimo kafeini na theanini. Theanini ni asidi amino, jamaa ya vijenzi vya protini, ingawa yenyewe haijengi protini. Wajapani waliitenga katika majani ya chai mwaka 1949. Mchai huitengeneza mizizini, kisha huipandisha hadi kwenye majani machanga. Huko juu mwanga wa jua huigeuza sehemu yake kuwa vile vitu vinavyoipa chai ukakasi. Ndiyo sababu Wajapani hufunika baadhi ya mashamba yao kabla ya kuchuma, ili theanini ibaki na chai iwe na utamu laini. Mashamba ya Kericho na Bomet yako wazi kwa jua, na chai yake husifiwa kwa rangi na ukali.

Tukishakunywa, kafeini huenda kwenye ubongo na kukalia mahali pa kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hutuletea uchovu. Uchovu haukuondoka, umezibiwa mlango tu. Theanini nayo huingia ubongoni. Umbo lake linafanana na glutamati, kemikali inayozichangamsha seli za ubongo, na inadhaniwa kuwa kwa mfanano huo hupunguza mchangamko uliopita kiasi.

Dalili yake ilitafutwa kwenye mawimbi ya ubongo. Mtu hubandikwa vipokezi kichwani, na mashine huchora mapigo ya umeme wa ubongo. Mawimbi ya alfa, yapigayo mara 8 hadi 12 kwa sekunde, huonekana mtu akiwa macho lakini ametulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, vijana 16 walipewa miligramu 50 za theanini na wengine 19 hawakupewa. Walipimwa kuanzia dakika ya 45 hadi ya 105, na kwa waliopewa mawimbi ya alfa yaliongezeka zaidi. Hawakulala; walitulia wakiwa macho.

Je, utulivu huo ndio unaozima mtetemeko wa kafeini? Hapa ndipo panapotaka uangalifu. Mwaka huohuo wa 2008 utafiti mwingine uliwapa watu miligramu 250 za kafeini pamoja na 200 za theanini. Theanini ilizuia kafeini isipandishe shinikizo la damu, lakini mtetemeko na wasiwasi haukupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Tuhesabu basi kwa birika letu. Kikombe cha chai nyeusi cha mililita 200 kimepimwa kuwa na takriban miligramu 24 za theanini, na kafeini yake ni kama miligramu 40 na kitu. Maziwa kidogo hayabadilishi hesabu, ila maziwa mengi hupunguza theanini inayopimika. Kuzifikia miligramu 50 kunahitaji vikombe viwili na kidogo. Kuzifikia 200 kunahitaji zaidi ya vinane, navyo vitakuwa vimebeba kafeini ipatayo miligramu 350. Kwa hiyo upole wa kikombe kimoja huenda unatokana zaidi na uchache wa kafeini yake kuliko na theanini, kwa kuwa kikombe kikubwa cha kahawa kina takriban mara mbili ya hiyo.

Hili lina maana nyumbani. Mama mjamzito asidhani kwamba chai ina kinga ndani yake: Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, naye kafeini hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa wengine. Chai iliyochemshwa muda mrefu huongeza kafeini kikombeni. Na kwa watu wazima wengi, nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, hivyo kikombe cha baada ya Isha bado kimo usiku wa manane. Moyo ukidunda, mkono ukitetemeka au usingizi ukikataa, la kupunguza ni majani ya birikani na idadi ya vikombe.