Mstari Mmoja, Wazo Moja

Tangu niache chuo, naandika jumbe za asubuhi za grupu la WhatsApp la kina mama wa Bungoma, mimi nikiwa Kitale. Mstari mmoja, wazo moja. Ukiweka mawazo mawili, msomaji haondoki na lolote.

Machi, mmoja wao alimzika mumewe msimu wa kupanda mahindi. Mwenyekiti akaniomba Yeremia 29:11, ule wa mipango mema ya Mungu. Mimi husoma kwanza mistari ya jirani. Hiyo ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli, na mstari wa 10 unasema ahadi itatimia baada ya miaka 70. Kumtumia mjane wa 11 peke yake ni kumwahidi kesho.

Nikarudi nyuma hadi 29:5, wanapoambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini. Nikaandika:

“Yeremia 29:5. Walioondolewa kwao waliambiwa wapande. Shamba la mwenzetu bado halijapandwa.”

Siku hiyo “Amina” zilikuwa chache. Saa mbili, mama mmoja akauliza: “Jembe ngapi zitatosha?”