Kabla ya Kutuma Ujumbe

Ndugu vijana, simu nyingi tunazozitumia hapa kwetu hudhani kwamba tunaandika Kifaransa, hata pale tunapoandika Kiswahili. Kibodi yake ina kamusi ya Kifaransa, na neno isilolikuta humo hulitafutia jingine linalofanana nalo. Hivyo «leo» laweza kugeuka «Léo», jina la mtu, na «pole» likavikwa kofia na kuwa «pôle», neno lisilomfariji yeyote. Anayepokea ujumbe haioni kibodi, anamwona aliyeandika.

Tuchukue ujumbe mmoja ulioandikwa katika kikundi chetu. Ulikuwa wa kumwendea mama anayetunza ufunguo wa ukumbi wa parokia. Hakufika kwenye mazoezi ya kwaya kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini. Mwenzetu aliandika akiwa njiani, betri ikikaribia kwisha:

«Mama hukuja jana. Leta ufunguo Léo saa nane. Pôle kwa mtoto.»

Tuna desturi kwamba ujumbe wa kikundi husomwa kwa sauti na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Uliposomwa, tulicheka kwanza kwa ajili ya huyo Léo, ambaye ufunguo wake haujulikani. Kisha tukanyamaza. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli tupu, lakini mahali ilipowekwa ilisikika kama mashtaka. Ya pili ilikuwa amri ya kijana kwa mama. Na mtoto mgonjwa alikuja mwishoni, baada ya ufunguo. Hakuna tusi hata moja pale. Mpangilio peke yake ulitosha kuumiza.

Kulikuwa pia na saa. Kwa Kiswahili, saa nane ni baada ya adhuhuri, lakini wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa husikia «huit heures», asubuhi. Zaidi ya hayo, namba ya mwandishi haikuwa katika simu ya mama huyo, na ujumbe haukuwa na jina wala cheo. Tuliuandika upya hivi:

«Tumsifu Yezu Kristu, Mama. Ni mwandishi wa vijana wa kwaya. Pole sana kwa ugonjwa wa mtoto, anaendeleaje? Leo saa nane ya mchana (14h) tunaomba ufunguo wa ukumbi kwa ajili ya mazoezi. Ukituruhusu, kijana mmoja atakuja kuuchukua hapo ulipo. Asante.»

Ile «hukuja jana» tuliifuta kabisa, kwa sababu mama mwenyewe anajua kwamba hakuja. Mzigo wa safari tuliuhamisha kutoka kwake kuja kwetu. Mmoja wetu alishuku swali la «anaendeleaje?», akasema asiyekuwa tayari kusikiliza jibu asiulize, tukaliacha kwa sharti kwamba mwandishi atajibu akijibiwa. Hatukuongeza baraka tatu wala picha za nyuso zinazocheka. Mama aliye kando ya kitanda cha mgonjwa asilazimike kutafuta ombi lilipojificha.

Yako makosa ambayo kibodi haiwezi kuyagundua, hata ikiwa na kamusi nzuri ya Kiswahili. «Padri atakuja» na «Padri hatakuja» zinatofautiana kwa herufi moja, na zote mbili ni sahihi. Katika usemi wetu mara nyingi h humezwa, na kidole hufuata ulimi. Kwa hiyo, tunaposoma mara ya mwisho, tunatazama mwanzo wa kila kitenzi, kwa maana hapo ndipo ndiyo na hapana zinapokaa.

Kuhusu kibodi yenyewe, katika Gboard mtu aweza kufungua mipangilio, akaingia «Langues» na kuongeza Kiswahili. Au akazima «Correction automatique» humo humo katika mipangilio. Sisi tunapendelea njia ya kwanza, maana Kifaransa nacho tunakihitaji. Neno likigeuzwa mbele ya macho yako, bonyeza mara moja kitufe cha kufuta, na mara nyingi neno lako la awali litarudi.

Na ujumbe uliokwisha kwenda? Katika WhatsApp unaweza kuubonyeza kwa muda, ukachagua «Modifier» na kuurekebisha ndani ya dakika 15, nao utabaki na alama ya «Modifié». Lakini huenda mwenzako amekwisha kusoma maneno ya kwanza juu ya kioo cha simu iliyofungwa. Ujumbe wa kawaida wa SMS haurudishwi. Katika hali hizo mbili, ikiwa ni ujumbe kama ule wa ufunguo, hatutumi mwingine wa kujieleza. Tunapiga simu, au kijana anakwenda hospitalini kumsalimu mama kwanza, ndipo aulizie ufunguo.